Rangi ya Mama Rukia kwenye Kava ya Nekesa

Mwezi uliopita mtoto wangu wa mwisho alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akawasha njiti za kiberiti moja baada ya nyingine, akizipuliza na kuzitupa, mpaka kiberiti kikabaki nusu. Nilitoka nikiwa tayari kumzaba kofi. Ile harufu ya njiti iliyozimika ikanipata kabla sijamfikia, na mkono ukashuka wenyewe. Nilikaa kando yake tukamalizia kiberiti pamoja. Mume wangu alituona kutoka dirishani akatikisa kichwa, na mimi sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi, jamani?

Labda ningeanzia sebuleni kwetu Kitale. Nyinyi mliokua wakati wetu mnajua sebule ninayoisema. Kila kitu kilivalishwa nguo: makochi, meza, redio, hata ile televisheni iliyokufa zamani ilikuwa na kitambaa chake kichwani. Lakini vitu vya maana hasa kwetu vilikuwa kava nne za mito ya makochi, za pamba nyeupe, zilizodariziwa maua kwa nyuzi za sweta. Zilishonwa na mama mdogo Nekesa, dadake Mama. Maua mekundu na majani mabichi alinunulia nyuzi sokoni. Zambarau haikupatikana, basi akafumua sweta yake ya shule ya upili na kuigeuza maua. Mama mdogo alifariki kabla sijaanza shule. Mimi namkumbuka kwa vidole tu, vile alivyokuwa akilamba ncha ya uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Baada ya mazishi Mama hakutaja jina hilo tena, na sisi tukajifunza kutolitaja. Kava zenyewe zilikaa sandukuni na vidonge vya kuzuia nondo, zikatoka siku za wageni peke yake.

Na mgeni aliyetolewa kava bila kufikiriwa mara mbili alikuwa Mama Rukia wa Bungoma. Yeye na Mama walilala vitanda vya kukaribiana hospitali ya misheni kule Lugulu, Mama akinizaa mimi na yeye akimzaa Rukia, na kwa siku nne walikula kwenye bakuli moja. Mama alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wa kitambaa cheupe kichwani Jumapili. Mama Rukia aliishi nyuma ya msikiti pale mjini Bungoma, na kazi yake ilikuwa kupaka vitambaa rangi: batiki, na zile nguo za kufunga mafundo. Kucha zake zilikuwa za bluu mwaka mzima. Nilipokuwa mdogo nilidhani Waislamu wote wana kucha za bluu, na siku moja nilimuuliza mwuza duka wetu, Mwislamu, zake zilienda wapi.

Siku ninayoisema alikuwa ametoka kufundisha kikundi cha akina mama hapo Kitale, akapita kwetu kabla ya kurudi. Alibeba kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya plastiki yenye rangi iliyobaki. Aliijaza mpaka mdomoni. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia hiyo rangi haitaki hewa, ikipata hewa inaharibika kabla ya kazi. "Na usiiguse, ina magadi kali, itakuchubua," akasema. Aliweka kikapu kando yake kwenye kochi. Mitikisiko ya barabara ilikuwa imelegeza kifuniko na hakuna aliyejua. Tulikuwa kwenye chai ya pili nilipoona mto umelowa.

Jamani, ile rangi haikuwa na rangi! Ilikuwa ya manjano kijani hivi, kama maji ya mboga za majani. Mama Rukia aliruka kama aliyekalia siafu. Akanyakua mto, akaanza kuvua kava, macho yanatafuta maji. Mama akamshika mkono.

"Mama Wafula, niachie," Mama Rukia akamwambia. "Niletee maji baridi, haraka."

"Keti, bana. Ni maji tu hiyo."

"Si maji. Ni rangi."

"Ni maji tu, si naona? Mgeni hafui kwangu. Keti unywe chai, itapoa."

Lazima niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa. Kwetu mgeni akivunja kikombe, unasema kilikuwa na ufa. Mgeni akimwaga uji, unasema ulikuwa umepoa hata hivyo. Mama alilelewa hivyo na akatulea hivyo, na kumruhusu mgeni ainame kufua kitu alichochafua kulikuwa sawa na kumfukuza. Kwa hivyo alimkalisha Mama Rukia kwa nguvu, akamjazia kikombe, na wote wawili wakatazama mbele wakizungumza habari za mahindi. Mimi nilitazama mto. Na mbele ya macho yangu, pole pole, kutoka pembeni kuja katikati, ile manjano ikawa kijani, kijani ikakolea, ikawa bluu. Bluu ya wino. Hakuna mtu aliyeigusa. Ilipanda yenyewe hadi kwenye ua moja la zambarau.

"Ni maji tu," Mama akasema tena, na bluu ikazidi.

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeshika nambari moja shule ya Jumapili. Nilielewa mara moja kilichotokea. Mama amedanganya, na Mungu ameonyesha. Kila alipotamka neno "maji" kitambaa kilikolea zaidi. Nilikuwa hapo, nilishuhudia kwa macho yangu. Nikamwaga chai yangu pia.

Mgeni alipoondoka, Mama alivua kava akaenda nayo jikoni. Aliifua kwa sabuni ya kipande mara tatu. Maji yalitoka na bluu kidogo, kisha yakatoka meupe, na doa likabaki palepale kubwa kama sahani. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kava mapajani, amefunika uso nayo ikiwa mbichi vile vile, na mabega yanacheza. Sikuwahi kumwona Mama akilia. Hata mazishini, wanasema, alikuwa akipikia watu.

Barua ilifika siku ya tatu, mkononi mwa mama mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akipanda kuuza Kitale. Ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa ikajifunga yenyewe bila bahasha. Mama alisoma Biblia yenye maandishi makubwa, kwa kidole, lakini mwandiko wa mkono ulimshinda. Aliacha shule darasa la tatu. Baba alikuwa akilinda ghala la mtu huko Lwakhakha na alikuja mwisho wa mwezi, na kaka yangu mkubwa Wafula alikuwa shule ya bweni. Karani wa nyumba, basi, nilikuwa mimi. Mama alikuwa ameshaweka sufuria kubwa jikoni, anangoja maji yachemke aitumbukize ile kava pamoja na sabuni. Nilisimama kando ya moto nikasoma kwa sauti ya darasani.

"Mama Wafula, salaam nyingi. Nimekosea, nisamehe. Mimi najua hiyo rangi kuliko mtu yeyote mwenye alikuwa hapo. Nilijua iko na dakika chache kabla hewa haijaishika, na kwa hizo dakika maji baridi yangeitoa. Ukaniambia nikae, nikakaa, kwa sababu ni nyumba yako. Heshima yangu ndiyo iliharibu kitu yako. Sasa nakuomba mambo matatu. Usiichemshe na sabuni, maana sisi tukimaliza kupaka tunachemsha na sabuni ndio rangi ikomae. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, itakula pamba na nyuzi kabla haijamaliza bluu. Usipige pasi. Niruhusu nije Jumamosi na dawa yangu niisafishe na mikono yangu. Kama hutaki nije, mpe huyu mama wa omena, nitaifanyia huku nikurudishie. Usiniambie si kitu. Niliona uso wako. Ni mimi, Mama Rukia."

Mama alinyanyua sufuria akaitoa motoni. Hilo alilitii bila neno. Lakini uso wake ulikuwa umefunga kabisa.

"Anataka kunifulia," akasema. "Ati kama mimi ni hoteli, ukichafua shuka unalipia. Miaka tisa, tukikula pamoja, leo anakuja kwangu na sabuni. Watu wakisikia watasema Mama Wafula alimshikia mgeni doa."

"Lakini Mama, amesema ana dawa."

"Leta kalamu."

Nilileta. Akaniamuru niandike: Mama Rukia, asante kwa barua, usijali kabisa, doa lilitoka lote siku ile ile, kava imekuwa safi kuliko ilivyokuwa, usisumbuke na nauli, msalimie Rukia. Huku akiyasema hayo, kava ilikuwa imening'inia nyuma yake kwenye kamba ya jikoni, na doa lake la bluu.

Mnaweza kuona shida yangu. "Ni maji tu" ya kwanza ilileta bluu yote ile. Hii sasa ilikuwa barua nzima ya uongo, mistari sita, na iandikwe kwa mkono wangu! Niliona bluu ikipanda kwenye maua mekundu, ikishuka kwenye makochi, ikitoka mpaka uani kwa kuku. Nilikaa mezani nimempa Mama mgongo na nikaandika hivi, bado nayakumbuka maneno yote:

"Mama Rukia. Doa halijatoka. Kava ni ya dada yangu Nekesa ambaye alikufa. Ulipoenda nililia jikoni. Njoo Jumamosi na dawa yako. Mungu akubariki. Ni mimi, Mama Wafula."

"Nisomee," akasema Mama.

Nikamsomea ile yake, neno kwa neno, macho kwenye karatasi. Hapo na mimi nikawa nimedanganya, lakini nilihesabu kwamba uongo wa mdomo ni mdogo kuliko wa maandishi. Mama wa omena akaondoka nayo.

Jumamosi sikula asubuhi. Saa nne hivi Mama Rukia aliingia uani, beseni ya plastiki kichwani, glavu ndefu na mitungi miwili ya vifuniko ndani yake. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Alisimama, akaweka lile tabasamu la wageni.

"Karibu! Ah, si nilikuandikia usisumbuke, kava ilitakata."

Mama Rukia aliweka beseni chini. Akatoa karatasi kwenye kifua cha dera, akaikunjua, akaisoma yote, kwa sauti ya chini, hapo uani. Alipofika "nililia jikoni" sauti yake ilikatika. Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, mpaka leo. Nilijua ni kiboko, na si kiboko tu: nilikuwa nimemvua nguo mbele ya rafiki yake wa pekee. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na nilitamani ardhi inimeze.

"Ni wewe uliandika hii?" Mama Rukia akamuuliza.

Kuku alipita kati yetu.

"Ni mimi," Mama akasema. "Nilibadilisha mawazo."

Nilikimbilia jikoni kutazama kava, nikiwa na hakika imekuwa bluu yote. Ilikuwa vile vile.

Kazi ilianzia nyuma ya nyumba, upande wenye upepo. Mama, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alileta sufuria yake mpya ya aluminiamu inayong'aa. Mama Rukia akaikataa. "Hii magadi inakula aluminiamu, utabaki na kichujio." Akatumia beseni yake ya plastiki. Alimwaga maji ya moto, yale ambayo mkono hauwezi kukaa humo, kisha akanyunyiza magadi kidogo kidogo juu ya maji. Alinionya kwamba mtu hamwagii magadi maji, anaweka magadi ndani ya maji, la sivyo yanarukia macho. Halafu akafungua mtungi wa pili, wa unga mweupe alioita haidrosi, na hiyo ndiyo harufu niliyowaambia, ya kiberiti kilichozimika, ikatukaba koo sote.

"Hewa ndiyo ilileta bluu," akaeleza, akinitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimeuliza. "Hii unga inanyang'anya hewa kwa rangi. Ikinyang'anywa, inarudi vile ilikuwa kwa chupa, inayeyuka, inatoka."

Hewa! Nilimwuliza kama ana hakika haikuwa dhambi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka.

Kabla ya kutumbukiza kitu alipindua kava, akatafuta mikia ya nyuzi upande wa nyuma, akakata kipande kidogo cha kila rangi, akavitia kwenye kikombe na maji ya beseni. Tukangoja. Nyekundu ilibaki nyekundu. Kijani ilibaki. Zambarau ilififia, ikafifia, ikawa kama majivu. Mama Rukia alikitoa kile kipande akakiweka kwenye kiganja cha glavu, akamwonyesha Mama.

"Bluu imepita juu ya hili ua," akasema. "Nikitumbukiza yote, kitambaa kitakuwa cheupe, lakini ua litakufa. Nikilifunga na nailoni, kama vile tunafunga mafundo, dawa haitalifika. Litabaki zambarau, lakini na bluu yake kulizunguka. Chagua, Mama Wafula."

"Vile unaona wewe."

"Hapana. Chagua."

"Aki yoyote ni sawa. Si kitu."

"Usiniambie si kitu!" Mama Rukia alipaza sauti, kucha zake za bluu zimefichika ndani ya glavu, na machozi yalikuwa yanamtoka; sijui ni ile harufu au nini. "Mimi ndio nimeharibu. Niambie kitu unataka. Mara moja tu katika maisha yako niambie kitu unataka!"

Nilidhani Mama angeingia ndani. Alikuwa na desturi ya kuingia ndani. Badala yake aliinama, akachukua kava, akaweka kidole juu ya lile ua.

"Hiyo ni sweta yake," akasema. "Alikuwa anaivaa akirudi likizo, ananuka moshi wa gari na mafuta ya nywele. Nilimgombeza alipoifumua. Nilimwambia anaharibu nguo ya pesa. Akacheka, akasema nitamshukuru siku moja. Sikumshukuru. Akawa mgonjwa, na nilikuwa namwambia kila siku ati atapona, si kitu, si kitu, na alikuwa anajua. Alitaka kuniaga, na mimi namwambia si kitu." Alivuta pumzi. "Usiliue ua. Bluu ibaki. Niachie zambarau."

Mama Rukia alilifunga lile ua kwa ukanda wa nailoni, akizungusha na kuvuta kwa meno mpaka likawa kifundo kigumu kama punje ya mahindi. Akazamisha kava polepole, bila kuipiga piga, ili isiingie hewa. Nikaona kwa macho yangu bluu ikigeuka kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikatoka ikaelea, na juu ya maji kukafanyika utando wa bluu inayong'aa. Aliitoa akaitupa kwenye ndoo ya maji baridi haraka sana. Akamwaga beseni shimoni, akatengeneza dawa nyingine, akarudia. Ndoo nne za kusuuzia. Ya mwisho ilikuwa na siki, ya kuua magadi. Ndoo hizo Mama alizibeba mwenyewe, kisha akachuchumaa upande wa pili, akaingiza mikono, na wakasuuza pamoja. Sijui niseme nini zaidi. Mgeni alifua kwetu, na dunia haikuanguka.

Ilipofunguliwa, kava ilikuwa nyeupe, na ua la zambarau lilikaa katikati ya duara la bluu lenye miale, vile mafundo hutoa. Wakaitazama muda mrefu. Mama Rukia alitaka kuomba msamaha tena na Mama akamwambia anyamaze ale.

Jumapili baada ya kanisa Mama aliniita mezani. Nilikwenda nikiwa nimevaa sketi mbili, kwa ajili ya kiboko.

"Uliandika kitu sikusema."

"Ndiyo, Mama."

"Usirudie. Hata kama ni kweli. Maneno yangu ni yangu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Ulinionaje nikilia?"

"Kwa ufa."

Mama alitazama dirishani, na uso wake ulikuwa na uchungu ambao hakujaribu kuuficha, na nilitaka kumkumbatia lakini kwetu hatukuwa watu wa kukumbatiana. Kisha akavuta daftari langu mbele yake, akachukua kalamu kwa ngumi, jinsi watoto wa chekechea wanavyoshika. Aliandika kwa herufi kubwa za Biblia, akiegemea mezani, akisimama kila neno. Mchana ulikwisha, kuku wakaingia ndani, ugali ukachelewa. Nilisoma juu ya bega lake: MAMA RUKIA. JINA LA DADA YANGU NI NEKESA. NILIKUWA NA

Hapo alikwama. Alikaa na kalamu hewani, jasho puani. Nilijua neno analolitafuta; lilikuwa usoni mwake. Nilinyoosha mkono nichukue kalamu nimwandikie.

"Toka," akasema. "Nitalipata."